Nusu ya Sentensi Kwenye Chupa ya Dawa

Picha ilitoka duka moja la pembejeo Ilula, mkoani Iringa, kwenye ukanda wa nyanya. Ilionyesha chupa ya nusu lita ya dawa ya wadudu iliyovuka mpaka ikiwa na lebo ya Kiingereza pekee. Mkulima aliyeishika hakutaka kulipa kabla ya kuambiwa imeandikwa nini. Kijana wa dukani, badala ya kubahatisha, akaipiga picha akanitumia, kwa kuwa anajua kazi yangu ni kutafsiri. Taa ya simu ilikuwa imemulika lebo ikaacha doa jeupe katikati, na chupa yenyewe ni ya mviringo, hivyo kila mstari ulikatika pale lebo ilipozunguka. Katika sehemu ya maonyo nilisoma neno la juu, HATARI, na chini yake mwanzo wa sentensi uliosema kwamba dawa hii inaweza kuua ikimezwa. Hapo chupa ikapinda na maneno yakapotelea upande wa pili.

Mtu angeweza kuishia hapo. "Inaweza kuua ikimezwa" ni sentensi inayoeleweka, na inatosha kumfanya mkulima aiweke chupa mbali na watoto. Lakini sentensi hiyo haipo kwenye chupa yoyote iliyoandikwa kwa kufuata utaratibu wa kimataifa. Ilikuwa ni nusu tu, na nusu iliyofichika ndiyo inayosema dawa ile inauaje, na kwa hiyo mtu aliyeimeza afanyiwe nini na asifanyiwe nini.

Nilijuaje kwamba ni nusu? Kwa sababu maonyo ya namna hii hayatungwi na kila mwenye kiwanda kwa maneno yake. Mwaka 2002 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikubaliana juu ya mfumo mmoja wa dunia wa kupanga kemikali kwa hatari zake na kuziwekea lebo, na mwaka 2003 ukachapishwa kwenye kitabu chenye jalada la zambarau ambacho kimekuwa kikirekebishwa tangu hapo. Ndani yake kila hatari ina sentensi yake moja, na kila sentensi ina namba inayoanza na herufi H. Tarakimu ya kwanza baada ya herufi hiyo inakwambia uko upande gani: 2 ni moto, milipuko na mambo ya namna hiyo, 3 ni afya ya mtu, 4 ni mazingira. Sentensi za tahadhari, yaani fanya hivi na usifanye vile, zina namba zinazoanza na P. Juu ya yote hukaa neno moja la kushtua, na yako mawili tu: Hatari kwa makali, Onyo kwa yaliyo nafuu. Pembeni huwekwa michoro myeusi ndani ya pembe nne nyekundu zilizosimama kwa ncha.

Namba hizo si lazima zichapwe kwenye lebo. Zimewekwa kwa ajili ya marejeo, na kitabu chenyewe kinasema hazichukui nafasi ya maneno. Kwa hiyo utakuta chupa zenye maneno na namba, na nyingine, kama ile ya Ilula, zenye maneno peke yake. Anayetafsiri inabidi aitafute namba mwenyewe kutoka kwenye maneno, na akishaipata kazi inakuwa nyepesi, maana hapo hatafsiri tena sentensi ya mtu fulani. Anatafsiri daraja lililokwisha kupimwa maabara.

Tuangalie madaraja ya kumeza, kwa kuwa ndiko makosa mengi yanakotokea. H300 inasema: inaua ikimezwa. H301: ni sumu ikimezwa. H302: ina madhara ikimezwa. H303, ambayo si nchi zote zinaitumia, inasema: inaweza kuwa na madhara ikimezwa. Nyuma ya kila sentensi kuna kipimo, nacho ni kiasi cha kemikali kinachoua nusu ya wanyama wa maabara, kwa kawaida panya, kikihesabiwa kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kemikali inayoua kwa miligramu 50 au chini yake inaingia H300. Kutoka hapo hadi 300 ni H301. Kutoka 300 hadi 2,000 ni H302. Namba ikiwa ndogo, sumu ni kali zaidi.

Sasa tazama Kiswahili chetu kinavyoyatendea madaraja hayo. Kwenye lebo za madukani ni kawaida kukuta yote matatu ya mwanzo yametafsiriwa "ni hatari ikimezwa". Msomaji hapotoshwi sana akisoma chupa moja, lakini akiwa na chupa mbili mkononi, moja ya H300 na nyingine ya H302, hana njia ya kuzitofautisha, ingawa ya kwanza inaweza kuwa kali kuliko ya pili mara kumi au mara mia. Kuna tatizo jingine dogo. "Hatari" tayari ni neno la juu la lebo, lina kazi yake maalumu. Ukilitumia tena ndani ya sentensi ya H302, ambayo neno lake la juu ni Onyo, lebo inajipinga yenyewe: juu inasema Onyo, chini inasema hatari. Kwa hiyo mimi huligawa hivi na siligusi tena: "inaua" ni ya H300, "ni sumu" ni ya H301, "ina madhara" ni ya H302. Neno "sumu" najua linawavutia watu kulitumia kila mahali, hasa sisi tunaoita viuatilifu vyote "dawa" halafu tunapata hofu kwamba hilo "dawa" linaficha ukali wake. Lakini kwenye mstari wa maonyo "sumu" lina daraja lake, na kulipandisha au kulishusha ni kusema uongo kuhusu kilichopimwa.

Turudi kwenye picha. Sentensi ilianza na "inaweza", kisha "kuua". Ukipitia madaraja yale utaona kwamba penye kuua hapana "inaweza". H300 haisemi dawa inaweza kuua, inasema inaua. Ni hivyo pia kwa H310, ambayo ni ya kugusa ngozi, na H330, ambayo ni ya kuvuta kwa pumzi. Katika mfumo mzima sentensi ya kiafya inayounganisha shaka na kifo ni moja, H304, na maneno yake kamili ni haya: inaweza kuua ikimezwa na kuingia kwenye njia ya hewa.

Ushahidi wa pili ulikuwa kwenye michoro. Kemikali ya H300 ni lazima iwe na fuvu na mifupa. Picha ile, pamoja na ubovu wake, ilionyesha vizuri pembe nne tatu: mtu mwenye nyota iliyopasuka kifuani, alama ya mshangao, na mti mkavu wenye samaki aliyekufa pembeni. Fuvu halikuwapo. Mtu mwenye nyota kifuani ndiye mchoro wa H304. Neno HATARI halikunisaidia, kwa kuwa H300 na H304 zote mbili hulitumia. Nikamwandikia kijana azungushe chupa, azime taa ya simu na anipigie picha nyingine, na wakati huohuo nikamwambia amweleze mkulima kwamba hii si ya kumtapisha mtu.

Hilo la kutotapisha linahitaji maelezo. Dawa ile ilikuwa lambda-sihalothrini, gramu 50 kwa lita, na mbele ya jina zilikuwapo herufi EC. Wakulima wanazijua dawa za EC kwa macho: ukizimimina kwenye maji ya bomba la kupulizia, maji hugeuka meupe kama maziwa. Weupe huo ni mafuta. Lambda-sihalothrini haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo kiwandani huyeyushwa kwenye mafuta mepesi ya jamii ya petroli, kisha huongezwa sabuni ya kuyafanya mafuta yatawanyike ndani ya maji. Mafuta hayo ndiyo yenye H304, na ndiyo yaliyoipa chupa neno HATARI. Sumu yenyewe ya wadudu, kwa kiasi kile cha gramu 50, ingefikia "ina madhara ikimezwa" na kupewa Onyo. Dawa za jina hilohilo zilizotengenezwa kwa maji badala ya mafuta aghalabu huwa na Onyo tu. Mkulima akiona chupa mbili za dawa moja, moja Hatari na nyingine Onyo, huenda akadhani ile ya Hatari inaua wadudu zaidi. Hapana, tofauti yake ni mafuta.

Mafuta mepesi yakipita kooni kwenda tumboni hayafanyi madhara makubwa kwa haraka. Balaa ni yakiteleza kuingia upande wa pili, kwenye njia ya hewa inayokwenda kwenye mapafu. Kwa kuwa ni mepesi, kiasi kidogo sana hutandaa juu ya kuta laini za ndani ya mapafu na kuziunguza, na hapo hutokea nimonia isiyosababishwa na vijidudu bali na kemikali. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kutoka kwenye chupa ya soda huumia kwa njia hiyohiyo. Hukohoa, hukabwa, hupumua kwa haraka, na baadaye homa hupanda. Wakati mwingine huonekana mzima kabisa kwanza, kisha kifua huanza kubana saa kadhaa baadaye, na ndiyo sababu hupaswi kusubiri uone atakuwaje.

Mtu akitapishwa, mafuta yanapita kooni kwa mara ya pili, safari hii yakitoka kwa nguvu, na nafasi ya kuingia kwenye njia ya hewa inaongezeka. Kidole kooni, maji ya chumvi, mafuta ya kula, maziwa mengi ya kulazimisha: yote yanayofanywa majumbani kwa nia njema yanaelekea huko. Kwa sababu hiyo chupa yenye H304 hubeba pia sentensi ya tahadhari P331, inayokataza kumtapisha aliyemeza. Picha ya pili ilipofika, sentensi hiyo ilikuwapo, pamoja na ile nusu iliyopotea.

Kutafsiri H304 kunataka uangalifu katika sehemu mbili. Ya kwanza ni "na". Masharti ni mawili yanayokwenda pamoja: imezwe, na iingie kwenye njia ya hewa. Mtafsiri mwenye haraka huandika "ikimezwa au kuvutwa", na hapo amezua hatari nyingine kabisa, ya kuvuta mvuke, ambayo ina sentensi zake na namba zake kuanzia H330. Sehemu ya pili ni "njia ya hewa". Wako wanaopendelea kuandika "mapafu" kwa kuwa kila mtu anayajua, na mfumo wa zamani wa Ulaya, uliotumia herufi R, ulikuwa na sentensi kuhusu jambo hilihili iliyotaja mapafu. Nimelifikiria sana, na naona "njia ya hewa" ibaki. Ndiyo inayosema kosa linatokea wapi, pale kooni ambapo njia ya chakula na ya hewa zinaachana. Tena Mswahili anaielewa, kwa sababu kila aliyewahi kupaliwa anajua kuna njia mbili.

P331 nayo ina mtego wake, na huu ni wa sarufi yetu. Nimeiona imeandikwa "Usitapike". Hiyo inamkataza mgonjwa, kana kwamba kutapika ni hiari yake, ilhali sentensi ya asili inamkataza anayemhudumia. Mgonjwa akitapika mwenyewe hajavunja sheria yoyote, kinachotakiwa ni kumlaza ubavu ili matapishi yatoke nje. Kwa hiyo ni "Usimtapishe". Lakini "-m-" hiyo inamrejelea nani? Sentensi inayotangulia kwa kawaida huanza "Ikimezwa", na hapo anayetajwa ni dawa, mtu hayumo. Nikaona ni heri kuanza "Mtu akiimeza", kisha yote yanayofuata yanakaa sawa: "Mtu akiimeza: piga simu mara moja kwa kituo cha ushauri wa sumu au kwa daktari. Usimtapishe." Nimeongeza neno "ushauri" pia, kwa sababu "kituo cha sumu" kitupu kwa msomaji wetu kinaweza kusikika kama mahali sumu inakouzwa.

Lebo kamili ilipokusanywa kutoka picha tatu zilizopishana, maonyo yake kwa Kiswahili yalisomeka hivi. Hatari. Ina madhara ikimezwa (H302). Inaweza kuua ikimezwa na kuingia kwenye njia ya hewa (H304). Huwasha sana macho (H319). Ina madhara ikivutwa kwa pumzi (H332). Ni sumu kali sana kwa viumbe wanaoishi kwenye maji, na madhara yake hudumu muda mrefu (H410). Namba nimezitia mimi, na huwa nazitia kila mara, ili mtu mwingine aweze kunisahihisha bila ya kuiona chupa.

Sentensi mbili kati ya hizo zinahitaji neno zaidi. H319 ina jirani yake wa hatari, H318. Ya kwanza inasema macho yatawasha sana, ila yatapona. Ya pili inasema macho yataharibika vibaya, pengine yasirudi. Kwenye Kiswahili cha lebo nyingi zote mbili huwa "huumiza macho". Hapa pia mchoro unakuja kuamua: H318 ina mchoro wa kimiminika kinachomwagikia na kula mkono na chuma, pamoja na neno Hatari, na H319 ina alama ya mshangao na Onyo. Dawa kali za kusafishia choo na za kuzibua mabomba ndizo zenye mchoro wa mkono unaoliwa, kwa hiyo tofauti hii si ya shambani tu.

H410 nayo nimeiandika "viumbe wanaoishi kwenye maji" kwa makusudi. Tafsiri ya mkato ni "viumbe wa majini", na Mswahili wa pwani akiisoma ana haki ya kuuliza ni majini yapi, ya bahari au ya mganga. Utani kando, sentensi hiyo ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na kwa dawa za jamii ya lambda-sihalothrini ina uzito wa pekee, kwa sababu dozi isiyomsumbua mtu inatosha kuua samaki na wadudu wadogo wa mtoni. Kuosha bomba la kupulizia kwenye mfereji ni kumwaga humo kile ambacho lebo imekitaja.

Kabla sijaacha namba, kuna kosa la macho linalotokana na picha zenyewe. Kwenye picha yenye ukungu 1 na 7 hufanana. H311 na H317 zote ni za ngozi, hivyo mtu hastuki akisoma moja badala ya nyingine. Lakini H311 inasema ni sumu ikigusa ngozi, maana yake sumu hupenya ngozi na kuingia mwilini, na H317 inasema inaweza kusababisha mzio wa ngozi, yaani vipele na mwasho kwa aliyepata mzoea mbaya nayo. Kama hakuna fuvu kwenye lebo, H311 haiwezi kuwapo. Uthibitisho huu unakwenda upande mmoja tu: fuvu likiwapo huwezi kusema kwamba H317 haipo, maana kemikali moja inaweza kuwa na zote mbili.

Michoro nayo ina mipaka yake kama mlinzi wa tafsiri. Dawa nyingi za kilimo zinazouzwa Tanzania na Kenya hutumia utaratibu mwingine pembeni, ule wa Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani, wenye mkanda wa rangi chini ya lebo na michoro midogo ya glavu, buti, barakoa na kufuli. Nyekundu ni kali kabisa, njano ni ya kati, kisha bluu, na kijani ni ya mwisho. Rangi hizo zinahesabu hasa sumu ya papo kwa papo kwa kumeza na kwa ngozi. Hazisemi lolote kuhusu mafuta yanayoingia kwenye njia ya hewa, wala saratani, wala mzio. Chupa yenye mkanda wa bluu inaweza kabisa kuwa na H304. Penye mkanda peke yake, maneno ndiyo yanayobaki, na ndipo picha nzuri inapokuwa na thamani.

Nyumbani mambo ni yaleyale kwa chupa tofauti. Dawa ya kung'arisha nguo, ile yenye klorini, kwenye lebo za Ulaya hubeba sentensi ya ziada yenye namba EUH031: ikigusana na asidi hutoa gesi yenye sumu. Tafsiri hiyo ni sahihi, neno kwa neno. Lakini mama anayesafisha choo hana kitu anachokiita asidi. Ana dawa ya choo, ana siki, ana limau. Dawa ya choo mara nyingi ina asidi ya haidrokloriki, na zikikutana kinachotokea ni hiki:

NaOCl + 2HCl → NaCl + H₂O + Cl₂

Hiyo Cl₂ ni gesi ya klorini, nayo kwenye choo kidogo kisicho na dirisha humbana mtu kifua papo hapo. Mtafsiri afanyeje? Maoni yangu ni kwamba asiiguse sentensi. Akiandika "usichanganye na dawa ya choo" mahali pa EUH031, ameiondoa siki na limau na kila asidi nyingine. Aiandike ilivyo, kisha chini yake, kwa mstari uliotengwa unaojulikana kuwa ni wake, aongeze mifano: dawa ya choo, siki, limau. Msomaji apate vyote viwili na ajue kipi kimetoka kiwandani na kipi kimetoka kwa mtafsiri.

Vivyo hivyo kwa maneno ya shaka. Mfumo una ngazi tatu za uhakika na kila moja imepimwa: husababisha, inaweza kusababisha, inashukiwa kusababisha. H350 inasema inaweza kusababisha saratani, na H351 inasema inashukiwa kusababisha saratani. Anayezigeuza zote kuwa "husababisha saratani" anadhani anamlinda msomaji. Kwa kweli anamwondolea uwezo wa kuchagua chupa iliyo afadhali kati ya mbili.

Nina jaribio moja ninalolifanya kabla sijarudisha tafsiri. Nampa mwenzangu sentensi yangu ya Kiswahili peke yake, bila picha, pamoja na orodha ya namba zote za H, namwomba aniambie ni namba ipi. Akitaja moja bila kusita na ikawa ndiyo, tafsiri imepita. Akisema inaweza kuwa hii au ile, sentensi haijawa sahihi hata kama ni Kiswahili kizuri kuliko cha asili. "Huumiza macho" haijawahi kupita jaribio hilo.

Kwa wanaopiga picha, dukani au nyumbani, mambo ni machache. Zima taa ya simu na usimame karibu na mlango, mwanga utoke ubavuni. Chupa ya mviringo ipige mara tatu au nne ukiizungusha kidogo kidogo, kila picha ikirudia maneno machache ya picha iliyotangulia, ili anayesoma aweze kuunga mistari. Lebo nyingine za dawa za kilimo hukunjwa kama kijitabu na kubandikwa ukingo mmoja: ifunue, maana maonyo kamili mara nyingi yako ndani. Usisahau upande wenye jina la kemikali na kiasi chake kwa lita, pamoja na herufi zinazofuata kama EC, kwa sababu hizo ndizo zinazomwezesha msomaji kukisia kama kuna sentensi inayokosekana. Na dawa ikishapimwa kwenye chupa ya maji au ya soda, hakuna picha itakayosaidia. Hiyo usiinunue.

Linalobaki haliko mikononi mwa mpiga picha. Kitabu cha zambarau hutolewa kwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili si mojawapo. Umoja wa Ulaya nao umeweka ndani ya sheria yake ya mwaka 2008 jedwali la sentensi zote za H kwa lugha zake zote rasmi, Kiairishi na Kimalta zikiwamo. Malta ina watu wasiofika milioni moja, na mtafsiri wake hana ruhusa ya kubuni H304 kwa maneno yake: anaifungua sheria na kuinakili. Mamlaka zinazosajili viuatilifu Tanzania na Kenya, pamoja na mashirika ya viwango ya Afrika Mashariki, zinao wataalamu na zinao Kiswahili. Zikae zikubaliane juu ya jedwali moja, sentensi moja kwa kila namba, kisha zisipokee lebo yenye maneno mengine.